Sentensi Niliyoiongeza Kuhusu Nguzo

Ningeweza kukataa. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, barua ilikuwa yangu, na hakuna mtu aliyenilazimisha. Mwanamke wa dawati la wateja katika ofisi ya umeme mjini Kisii alinishauri niongeze sentensi moja mwishoni, nami nikaiongeza palepale, nimeegemea kaunta, huku waliopanga foleni nyuma yangu wakiguna. Sentensi yenyewe ilikuwa hivi: "Kwa sasa wakazi wameiegemeza nguzo hiyo na hali imedhibitiwa."

Hali haikuwa imedhibitiwa. Nilijua hivyo nilipokuwa nikiiandika.

Nguzo ninayoizungumzia ilisimama katika shamba la chai la shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu, nyumbani kwetu upande wa Ekerenyo. Boma letu ni moja. Nyumba yangu iko juu, yake iko chini, na kati yetu kuna ua wa maua ambao kuku hawauheshimu. Tangu mke wangu alipofariki nilikuwa nikila kwake jioni. Nikichelewa, alisimama mlangoni akaniita kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, akiuliza kama nimeoa mahali pengine. Ulimi wake ulikuwa mkali, na mimi ndiye niliyekuwa shabaha yake ya kila siku. Nisipotaniwa naye siku nzima nilidhani anaumwa.

Chai ile ndiyo iliyomlisha na kuwasomesha watoto wake. Si shamba kubwa. Ukisimama juu unaliona lote, linashuka mpaka kwenye nyasi za nepia za kulishia ng'ombe na ua wa seng'enge, na baada ya seng'enge ni kijito. Nguzo iliwekwa katikati yake ulipoletwa umeme wa kijiji, na sote tulishangilia. Waya zilipita juu ya chai yake, zikapita juu ya seng'enge, zikavuka kijito kwenda kwenye mashine ya kusaga unga ya jirani yetu, na kutoka hapo zikaenda kanisani na kwenye nyumba za upande wa pili.

Mvua ndefu ilipolainisha udongo, nguzo ilianza kuinama. Mchwa walikuwa wamekwisha kuila kuanzia chini. Kila asubuhi ilikuwa imeinama kidogo zaidi, na waya zikawa zinashuka juu ya chai kiasi kwamba mtu mrefu akiinua mkono angeweza kuzigusa. Wachumaji wawili waliokuwa wakimsaidia shemeji walikataa kuingia sehemu hiyo. Sikuwalaumu. Chai isipochumwa kwa wakati hupanda juu, inakuwa mti, na majani yake yanakomaa hata kituo cha kununulia kinayakataa. Karibu nusu ya shamba lake ikaanza kuharibika hivyo mbele ya macho yake.

Niliripoti kwa simu. Nilipewa nambari ya kumbukumbu, na siku chache baadaye walikuja mafundi wawili kwa pikipiki. Walikuwa vijana wenye adabu. Mmoja aliigonga nguzo kwa nyundo, kuanzia kiunoni kushuka chini, na ilipofika karibu na ardhi ikatoa sauti ya mtungi mtupu.

"Imeoza," alisema. "Hii ni ya kubadilishwa."

Akaichora alama ya msalaba kwa rangi nyekundu, akaipiga picha, akaniambia kwamba kazi ya kubadilisha nguzo inahitaji lori, kikosi na nguzo mpya kutoka stoo, kwa hiyo tusubiri. Shemeji alimuuliza tusubiri tukifanya nini.

"Mama, msipite hapo chini."

"Hapo chini ndipo ninapokula," shemeji akamwambia.

Kijana alicheka, akaona kuwa yeye hacheki, akapanda pikipiki.

Wiki zikapita. Kila nilipopiga simu, sauti iliniambia kwamba ombi langu linashughulikiwa na kunishukuru kwa uvumilivu wangu. Mpaka leo nikisikia mtu akinishukuru kwa uvumilivu, damu inanipanda. Sikuwa nimewapa uvumilivu. Waliuchukua wenyewe, kisha wakatoa asante.

Katika wiki hizo ndipo mwenye mashine ya unga, ambaye pia ni mzee wa kanisa, alipokuja na gogo la mkaratusi lenye panda juu. Alikuwa na hofu ya mashine yake kukosa stima. Tuliliegemeza kwenye nguzo, yeye, mimi na wanaume wengine wawili, tukalikita chini kwa mawe. Tulijipongeza. Shemeji alikuwa amesimama pembeni na kikapu cha chai mgongoni.

"Sasa mmeipa mkongojo," alisema. "Wazee wamekutana na mzee mwenzao."

"Inasaidia kidogo," mwenye mashine akajibu.

"Inakusaidia wewe usage. Mimi imenisaidia nini? Waya si bado ziko kichwani pangu?"

Tulianza kupanda kwenda nyumbani. Alikuwa amesema kweli, na sisi tulikuwa tumechafuka matope na tulitaka chai ya moto.

Jioni ile, tukila, aliniambia uamuzi wake. Alizungumza Kigusii, kama tunavyozungumza nyumbani. Hapa nayaweka maneno yetu kwa Kiswahili.

"Kesho naenda Kisii. Nitaingia hiyo ofisi, nitaketi chini pale mlangoni, na sitaondoka mpaka lori liwashwe nikilisikia."

"Watakuondoa kwa askari."

"Waniondoe. Watu wote watauliza huyu mama ametolewa kwa nini."

"Shemeji, hatuwezi kufanya mambo hivyo. Tutaonekana watu gani?"

"Watu wenye nguzo mbovu."

"Nitaandika barua," nikasema.

Alinitazama, akasukuma bakuli la mboga za chinsaga upande wangu. "Barua. Wewe ukifa tutakuandikia Mungu barua kumuuliza kama umefika."

Nilicheka, yeye pia alicheka, na katika kicheko hicho nilimshinda. Nikamwambia mimi ndiye mkubwa wa boma, akaunti ya umeme iko kwa jina langu, na jambo hili nitalishughulikia kwa njia ya kistaarabu. Nilitumia neno hilo. Hakubisha tena, akaanza kukusanya vyombo. Alikuwa akinipa heshima niliyoidai, na sikuona kwamba imemgharimu kitu.

Lazima nieleze kuhusu barua na mimi. Nilimaliza kidato cha nne katika miaka ambayo mtu wa kidato cha nne alikuwa mtu. Nilifanya kazi ya ukarani kwenye kiwanda cha chai mpaka nikastaafu. Kijijini, mtu akitaka kumwandikia chifu, au shule, au benki, huja kwangu. Sipigi kelele ofisini. Navaa koti, naingia, naamkia, natoa karatasi. Nilijivunia jambo hilo. Niliamini kwamba mtu anayepiga meza hupuuzwa kama mlevi, na anayeandika vizuri huheshimiwa. Sijui nilifundishwa na nani upuuzi huo, lakini nilikuwa mwanafunzi mzuri.

Barua yangu ilikuwa nzuri. Nasema hivyo kwa hasira. Ilianza kwa kuishukuru ofisi kwa huduma zake. Ilitaja nambari ya kumbukumbu, siku tuliyoripoti na siku mafundi walipokuja. Ilisema: "Tunaelewa kwamba mna kazi nyingi, na kwamba maeneo mengi yameathiriwa na mvua." Ilisema: "Naomba kukumbusha kwa heshima kwamba ombi hili bado halijatekelezwa baada ya wiki kadhaa." Halafu, mahali pake, ilikuwa na sentensi ambayo ningeiacha peke yake kama ningekuwa na akili: "Waya ziko chini kiasi cha kuhatarisha maisha ya wanaochuma chai." Nikaweka sahihi, nikavaa koti, nikaenda Kisii.

Ofisi ilikuwa imejaa. Mwanamke wa dawatini alikuwa wa familia za pale mjini, zile za karibu na msikiti, na Kiswahili chake kilitiririka hata nikakionea aibu changu cha shuleni. Aliniamkia shikamoo. Aliisoma barua yote, jambo ambalo sikulitarajia.

"Mzee wangu, umeandika vizuri sana," alisema. "Wengi huja hapa na matusi."

Nilifurahi. Hebu fikiria, nilifurahi.

"Lakini ngoja nikueleze kitu ili usije ukashangaa. Nikiipeleka hivi, na hili neno la kuhatarisha maisha, haiendi kwa watu wa matengenezo. Inaenda kwa watu wa dharura. Wale kazi yao ya kwanza ni kuzima. Watakuja leo au kesho watoe fyuzi pale kwenye transfoma, laini yenu yote iwe imekufa, salama. Halafu mtangoja nguzo mkiwa gizani. Inaweza kuwa siku mbili, inaweza kuwa wiki."

"Laini yote?"

"Yote inayopita hapo. Kuna wateja wengi?"

Nikafikiria mashine ya unga. Nikafikiria kanisa, ambalo lilikuwa na mkutano wa akina mama Jumamosi na vipaza sauti vilikuwa vimekodiwa. Niliona nyuso za majirani zangu wakiuliza nani amekatisha stima, na mwenye mashine akijibu ni mzee fulani na barua zake.

"Wapo," nikasema. "Lakini tumeiegemeza na gogo."

"Ah. Basi kama mmeiegemeza, ongeza hapo chini kwamba mmeiegemeza na hali imedhibitiwa kwa sasa. Itaenda kwenye matengenezo ya kupangwa, na hamtazimiwa. Lakini ni wewe unayejua hali ilivyo huko, mzee. Mimi sijaiona."

Hayo maneno ya mwisho aliyasema. Siwezi kumwekea mama yule lawama isiyo yake. Alinieleza njia zote mbili kama zilivyo, akaniachia nichague, na mimi nikachagua majirani. Sikuwachagua kwa sababu nawapenda. Nilitaka Jumamosi nipite mbele ya kanisa niitwe mzee wetu. Niliiongeza sentensi, na ile ya hatari nikaikata kwa mstari mmoja ulionyooka, nikaweka herufi za jina langu pembeni kama karani anavyotakiwa kufanya. Akagonga muhuri wa kupokelewa, akanipa nakala.

Baada ya siku chache ujumbe uliingia kwenye simu yangu. Ulisema ombi limepokelewa na limewekwa katika ratiba ya matengenezo ya kawaida. Nilishuka kwa shemeji kumsomea, nikiwa mtu mwenye habari njema.

"Kawaida ni lini?" akauliza.

"Ni kwenye ratiba."

"Ratiba ina siku?"

"Shemeji, hawa watu wamejibu. Tangu lini ofisi ikajibu?"

"Mimi sikuomba jibu. Niliomba nguzo."

Nilikasirika kwa kweli. Nilimwambia kwamba mtu anaweza kufanyiwa wema asiuone. Sikumwambia juu ya sentensi ile. Sikumwambia juu ya fyuzi, kwamba kulikuwa na njia ya kufanya waya zile zife siku hiyohiyo naye aingie shambani mwake achume. Angeichagua bila kupepesa macho. Yeye taa ya koroboi aliizoea. Ndiyo sababu sikumwambia.

Akaendelea kuchuma sehemu za pembeni. Alipofika karibu na waya aliinama, akachuma akiwa ameinama, hata usiku akawa analalamika kiuno. Nilimwona kutoka juu. Nilikunywa chai yangu nikamwona.

Mvua ya asubuhi mambo yalipoharibika haikuwa kubwa. Ilikuwa imenyesha usiku kucha, polepole, na mawe tuliyoyakita chini ya gogo yaliteleza. Nilisikia mkwaruzo, kisha kishindo kidogo, cha kawaida kabisa. Nikadhani ni mtu anapasua kuni. Gogo lilikuwa limeanguka na nguzo ikalala upande, na waya mmoja ukashuka mpaka juu ya seng'enge.

Ng'ombe wa shemeji alikuwa amefungwa kamba kwenye nepia, kando ya seng'enge. Alikuwa ng'ombe mmoja tu, wa maziwa, mwenye mimba. Alipaaza sauti mara moja. Nilipofika ukingoni mwa shamba alikuwa chini, miguu imenyooka, na shemeji alikuwa anakimbia kumwendea na kisu cha kukatia nepia mkononi, ili amkate kamba.

"Acha!" nilipiga kelele. "Shemeji, acha! Usimguse!"

Hakunisikia, au alisikia na hakujali sauti yangu. Mwenye mashine ndiye aliyemwokoa. Alikuwa ng'ambo ya kijito, akaona, akaruka maji, akamdaka kiunoni kutoka nyuma. Walianguka pamoja kwenye matope. Shemeji alimpiga yule mzee wa kanisa makofi ya uso akimwambia amwachie, ng'ombe wake anakufa, naye akapigwa na hakumwachia. Nilisimama juu nikitazama. Taa ya kibarazani kwangu ilikuwa bado inawaka. Waya ule ulikuwa umelala juu ya chuma, umeua ng'ombe, na taa zetu zote zilikuwa zinawaka kama siku yoyote.

Nilipiga nambari ya dharura. Safari hii sikuandika na sikushukuru. Nilifoka, nikasema kuna waya chini na watu karibu. Kabla ya saa sita gari lilikuwa limefika, fyuzi imetolewa, waya umekufa. Kesho yake, naomba uisikie hii vizuri, lori likaja. Lilikuja na kikosi na nguzo mpya, mbichi, inanuka dawa. Walichimba shimo, wakaisimamisha, wakavuta waya, na jioni mashine ilikuwa inasaga. Nguzo ile ilikuwepo. Wiki zote zile za kawaida na ratiba ilikuwa imelala stoo, inamsubiri mtu wa kufoka.

Nilimwuliza kiongozi wa kikosi kwa nini hawakuja mapema. Alikuwa mtu mzima, amechoka.

"Mzee, mimi napewa orodha asubuhi. Za hatari ziko juu, za kawaida ziko chini. Siku zote hatumalizi za juu. Ya kwenu ilikuwa chini."

Tukaambiwa tunaweza kudai fidia ya ng'ombe. Daktari wa mifugo alikuja akaandika ripoti yake, chifu akaandika yake, picha zikapigwa. Nikamsindikiza shemeji Kisii. Alivaa gauni lake la kanisani. Njiani hakusema mengi, lakini alikuwa bado upande wangu. Aliniambia nikae dirishani kwa sababu ya kifua changu. Nakumbuka hilo kuliko mengi.

Afisa aliyetupokea hakuwa yule mama wa dawatini. Alikuwa bwana mwenye miwani, ofisi ya ndani, na faili ilikuwa wazi mbele yake. Alitupa pole, tena kwa dhati. Kisha akasema kuna ugumu.

"Tungekuwa tumejulishwa kwamba pana hatari tukakosa kuchukua hatua, hapo kosa ni letu moja kwa moja. Lakini kumbukumbu zetu zinaonyesha mteja alitujulisha kwamba hali imedhibitiwa. Na kwamba wakazi wenyewe waliegemeza nguzo, jambo ambalo haliruhusiwi. Kilichoanguka kwanza ni hicho kiegemeo."

"Mteja gani?" shemeji akauliza.

Afisa alinitazama mimi. Akaigeuza faili, akaisukuma juu ya meza. Shemeji anasoma Kiswahili vizuri. Ni mwalimu wa watoto wa shule ya Jumapili. Lakini hakuishika ile karatasi.

"Soma," aliniambia.

"Shemeji, hebu kwanza nikueleze..."

"Wewe ndiye mwandishi. Soma."

Nikasoma. Nilisoma shukrani, nikasoma kukumbusha kwa heshima. Nilipofika kwenye mstari niliokata, nilitaka kuuruka. Yeye alikuwa ameinama anauona.

"Na hapo pamekatwa, palisemaje?"

Nikamsomea. Waya ziko chini kiasi cha kuhatarisha maisha ya wanaochuma chai.

"Nani amekata?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Afisa aliinuka, akasema anakwenda kutafuta nakala fulani, akatuachia chumba. Nilimwambia kila kitu. Fyuzi, laini yote, mashine, mkutano wa akina mama. Nilimwambia kwa Kigusii, na kwa Kigusii hapakuwa na pa kujificha. Kwa Kiswahili cha barua ningepata neno.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo kulikuwa na siku ambayo wangezima," alisema.

"Ndiyo."

"Siku hiyohiyo."

"Ndiyo, au kesho yake."

"Nawe ukaja ukanisomea simu, ukaniambia sioni wema."

Niliifunga ile faili.

"Mimi nilikuwa nimeinama chini ya zile waya wewe ukinitazama. Nilidhani hujui la kufanya. Nilikuwa nakuhurumia."

Madai yalikataliwa. Afisa alitueleza kwamba hatujafika mwisho wa njia, kwamba kuna ngazi ya juu ya kupeleka malalamiko, na akatupa karatasi ya maelekezo. Pale kwenye ngazi za nje nilimwambia shemeji nitaandika rufaa, nitaeleza kila jambo, nitakubali kosa langu kwa maandishi.

"Usiandike," alisema. "Nakuomba. Kitu chochote kinachonihusu usikiandike tena."

Alitembea mbele yangu mpaka stendi. Rufaa aliipeleka mwenyewe, yeye na binti yake. Sijui imefika wapi. Niliuliza mara moja, akanijibu kwamba inashughulikiwa.

Nimewahi kusikia watu wakisema ofisi ndizo mbaya. Ni mbaya, sikatai, na nina hasira nazo. Nguzo inayooza shambani kwa mtu haipaswi kungoja mpaka maneno yake yawe makali. Fundi aliipiga nyundo akasikia, akaichora msalaba. Alama ile ingetosha. Lakini ofisi ile haikumjua shemeji yangu. Haikula kwake jioni. Mimi nilikula kwake, na nikamwandika chini ya mashine ya unga. Nikikasirika usiku simkasirikii afisa wa miwani. Namkasirikia mzee mwenye koti aliyesimama kwenye kaunta akasifiwa kwa mwandiko.

Mwenye mashine aliniambia baada ya ibada nisijisumbue, jambo lenyewe ni ng'ombe tu, na kwamba wanawake husahau. Nilimwuliza kama shavu lake limesahau. Tangu hapo naye hanipitii.

Shemeji amepata ndama kutoka kwa kaka yake wa Marani. Nusu ya chai iliyopanda juu ilibidi ikatwe mpaka kwenye visiki, na itachukua muda mrefu kabla haijatoa jani la kuuza. Nilijitolea kumsaidia kukata. Alinishukuru, akasema amekwisha kuwapata watu.

Ananisalimia. Kila asubuhi tukikutana ananiuliza nimeamkaje, kwa sauti ya chini, macho yametazama pembeni, kama unavyomsalimia mzee wa boma lingine. Hanitanii. Haniiti jioni, chakula najipikia. Nikimwuliza jambo ananijibu lililoulizwa, basi, kwa adabu kamili. Sijasikia tusi lake hata moja tangu tuliporudi kutoka Kisii.

Sentensi ile ilinipa siku chache za sifa kwa majirani. Malipo yake yalikuwa shemeji yangu, mtu pekee aliyekuwa amebaki wa kuniambia ukweli na kunitengea chakula. Yuko hai, yuko upande wa pili wa ua, na nimempoteza.